Zimwi la ngoma: nimelifanya lihurumiwe, sasa halitishi tena. Nirudi wapi?

#1 MwanaTanga
Wakuu salaam. Naandika upya ile hadithi ya zimwi na ngoma kwa watoto wa miaka 10 hadi 13, maneno 3,000 hivi, pamoja na picha. Mnaijua: wasichana wanaenda pwani kuokota makombe, mmoja anasahau kombe lake zuri juu ya mwamba, wenzake wanakataa kurudi naye, anarudi peke yake huku akiimba. Anamkuta zimwi amekaa mwambani. Zimwi linamtia kwenye ngoma, linapita vijiji likiipiga, yeye anaimba ndani, watu wanatoa chakula. Mwisho wanafika kwao, mama anaitambua sauti, binti anatolewa kwa siri na ngoma inajazwa nyuki na nyoka.

Nataka msomaji amhurumie zimwi. Nimefanikiwa kupita kiasi. Wasomaji wangu wa majaribio wanasema "maskini zimwi" tangu ukurasa wa pili, na hakuna hata mmoja aliyeogopa. Mfano:

*Zimwi lilikaa juu ya mwamba likilia. "Sina rafiki," lilisema. "Watu wote wananikimbia kwa sababu ya sura yangu."*

Nimekosea wapi?

#2 Kipanga_Mtupu
Mtoto akiogopa usiku muwekee taa ndogo na msimulie mambo mazuri kabla ya kulala. Hizi hadithi za mazimwi ziachwe.

#3 MwanaTanga
Mkuu, shida yangu ni kinyume chake. Hawaogopi.

#4 Kipanga_Mtupu
Basi zima taa.

#5 Bi Kirembo
Hahaha, #4 umeniua.

Mleta uzi, kosa liko kwenye sentensi ya pili ya mfano wako. Zimwi limejieleza. Ukishaliacha lijieleze, msomaji hana kazi tena, na kitu kilichojieleza hakitishi. Angalia hadithi ya asili: lile zimwi linasema maneno machache mno. Linamuuliza binti alikuwa anaimba nini. Binti anaimba. Linasema, sijasikia vizuri, sogea. Anasogea. Linasema tena, sogea. Hofu yote imo kwenye hilo "sogea" la pili.

Futa machozi, futa "sina rafiki". Huruma itoke kwenye kitu linachokitenda, tena kitu ambacho ukikitazama upande wa pili kinatisha. Kitendo kimoja kibebe yote mawili. Ukiweka huruma ukurasa huu na kitisho ukurasa ule, utakuwa na mazimwi mawili na hadithi hakuna.

#6 Shehe_Kamusi
Naongeza la lugha. Neno lenyewe limetokana na kuzima. Zimwi ni chenye kuzima uhai wa mtu, kama anavyozima taa ndugu yetu wa #4. Kwa hiyo ukitaka kulifanya la huruma unapingana na jina lake.

#7 Mzee Barazani
Shehe, hapo umeteleza. Zimwi ni jamaa ya mzimu, kuzimu na wazimu. Mzizi huo umeenea mbali: Wachaga na Wakikuyu wana irimu, Wazulu wana izimu, Wasotho wana ledimo, na wote hao ni walaji watu wa hadithini. Kwa hiyo jina halipingani na huruma. Linaonyesha kitu kilichotoka upande wa wafu ambacho bado kina njaa ya walio hai. Ukiniuliza, hapo ndipo pa kuanzia: mtu aliyekufa hana ubaya, ana njaa tu.

Na msisahau methali: *Zimwi likujualo halikuli likakwisha.* Wengi huitumia kama faraja, yaani bora adui unayemjua. Isome polepole. Haisemi halikuli. Inasema halikuli *likakwisha*. Linakula, ila linabakiza.

#8 Shehe_Kamusi
Nakubali la mzizi. Lakini watoto hawajui mizizi ya maneno. Wakisikia zimwi wanasikia kuzima, na sikio la msomaji nalo lina haki yake.

#9 Bi Kirembo
Mzee #7 ametupa ufunguo. MwanaTanga, kabla hujaandika neno jingine, jibu swali moja: zimwi lako linakula nini cha binti bila kummaliza? Usiposema linakula kitu, utakuwa umelifanya mla mboga, na hilo ndilo kosa la kwanza la kila anayejaribu jambo hili. Anaiondoa njaa kwa sababu njaa ndiyo mbaya. Njaa ibaki. Kinachobadilika ni kwamba na lenyewe haliitaki njaa hiyo, au halina namna nyingine.

#10 MwanaTanga
Nimefikiria linakula sauti. Kila kijiji binti anapoteza neno moja la wimbo.

#11 Bi Kirembo
Si vibaya, lakini ni uchawi wa kuongeza kwa mkono. Hadithi ina vitu vyake tayari, vitafute humo kwanza.

#12 Mwamba Ngoma
Ngoja niingilie kwa upande wa chombo maana naona mnaongea kuhusu ngoma kana kwamba ni boksi.

Ngoma ya kuingia mtoto wa miaka minane aliyechuchumaa inataka mzinga wenye mdomo wa sentimita 50 walau, na kimo cha karibu mita moja. Huo ni mti mkubwa uliotobolewa. Ngozi ya mbuzi haitoshi vizuri mdomo huo ikachukua vishindo vya safari nzima, weka ya ng'ombe. Ngozi ya ng'ombe ikipigwa na hewa ya bahari hulegea, inatoa sauti ya gunia. Kwa hiyo kila jioni kabla ya kupiga lazima ipashwe moto. Unalaza ngoma ubavu, ngozi unaielekeza kwenye moto wa makuti au majani makavu, si makaa, unaigeuza polepole, unaipiga kwa kidole mpaka mlio upande. Ukizidisha, ngozi inakauka na kupasuka ukingoni kwenye vigingi.

Sasa jiulizeni: binti yumo ndani wakati huo.

#13 Bi Kirembo
Mwamba, umemaliza kazi. MwanaTanga, hicho ndicho kitendo chako kimoja. Halihitaji kulia. Linapasha ngoma na mtoto yumo. Jaribio la haraka, nimempa binti mwenyewe asimulie:

*Likalaza ngoma ubavu. Mgongo wangu ukawa upande wa giza, miguu upande wa moto. Ngozi ikaanza kunuka. "Ukiungua, sema," likasema. Nikanyamaza, nione. Likasubiri. Halafu likaivuta ngoma nyuma shubiri moja, na mimi nikasikia tumbo lake.*

Hapo kuna uangalifu na kuna tumbo. Msomaji hajui ashukuru au akimbie. Usiongeze sentensi ya kueleza.

#14 Dogo wa Kitabuni
Dada hiyo "shubiri moja" ni kali sana. Nimeogopa mtu mzima mimi.

#15 MwanaTanga
Nimenakili, asante. Ila wahariri watauliza: kwa nini zimwi lijali akiungua? Kwa sababu ya riziki yake tu, au kwa sababu ya mtoto?

#16 Bi Kirembo
Usijibu. Wakiuliza, ujue imefanya kazi.

#17 Mhariri Mchovu
Mimi ni mhariri wa vitabu na nitauliza jambo jingine kabisa. MwanaTanga, kwenye #1 umeandika "anamkuta zimwi amekaa" halafu "zimwi linamtia". Mara *a*, mara *li*. Ukileta muswada hivyo naurekebisha wote, na zimwi lako linakuwa lolote ninaloamua mimi.

#18 Shehe_Kamusi
Kanuni iko wazi, kiumbe hai huchukua *a-* na *wa-*. Zimwi alikuja, mazimwi walikuja.

#19 Mzee Barazani
Kanuni iko wazi kwa simba na kipofu. Kwa jitu, joka na zimwi masimulizi mengi yanabaki na *li-*, na methali yenyewe inasema *likujualo halikuli*. Ile *li-* ina kazi. Inaonyesha ukubwa, na inamnyima huyo mtu utu wake. Ukisema "likaja" umeshamtoa kwenye watu.

#20 Bi Kirembo
Na hiki ndicho chombo ambacho waandishi wa lugha nyingi hawana, sisi tunacho bure halafu tunakipoteza kwa kuchanganya ovyo. MwanaTanga, usisawazishe yote kuwa *a-* kama anavyotaka Shehe, wala usiache vurugu ya #1. Panga.

Anza kwa *li-* tupu: zimwi lile, likaja, nililiona. Endelea hivyo mpaka mahali pamoja tu ambapo binti anakoma kuona kitu na kuanza kuona mtu. Hapo vitu vitatu vinageuka kwa pamoja: kiambishi cha mtenda, cha mtendwa, na kionyeshi. *Zimwi yule, akaja, nilimwona.* Usigeuze kimoja ukaacha viwili, utasomeka kama hujui kuandika. Na usitangaze. Halafu, na hapa ndipo kitisho kinaporudi, njaa ikija rudisha *li-* katikati ya tukio. Msomaji atahisi mlango umefungwa kabla hajajua kwa nini.

Mara moja kwenda, mara moja kurudi. Ukifanya mara tano ni mchezo wa kuigiza.

#21 Mhariri Mchovu
Nitalikubali hilo kwa sharti: uniandikie karatasi pembeni, ukurasa gani unageuka na ukurasa gani unarudi. Bila hiyo, msomaprufu atasawazisha yote usiku wa mwisho kabla ya kiwandani na wala hatakwambia. Na zimwi likiongea lenyewe, lisijitaje kwa jina. Liseme "nina njaa", "sogea". Nafsi ya kwanza haina ngeli, na hapo linasikika kama mtu yeyote.

#22 Nairobi Kaskazini
Mnaota. Watoto wa huku kwetu wanasema "zimwi ilikuja" na wanaenda nyumbani wakiwa na amani. Hiyo *li* na *a* hakuna atakayeihisi.

#23 Bi Kirembo
Kuisema ni jambo moja, kuihisi wakiisoma ni jingine. Lakini hoja yako ina uzito, sina jibu la kukata. Asome kwa sauti mbele ya watoto wa Nairobi na wa Tanga, aone nani anainua kichwa.

#24 Dogo wa Kitabuni
Mimi napendekeza aite "kazimwi". Kazimwi kadogo kazuri.

#25 Mzee Barazani
Hapo ndipo tutakapouza vidoli.

#26 Chambo
Kwani lazima liwe hilo? Popobawa anajulikana zaidi. Mwandike yeye, mumpe huruma.

#27 Mzee Barazani
Chambo, hapana. Taharuki ya Popobawa ya 1995 kule Pemba na Unguja iliwahusu watu halisi. Watu walilala nje kwa makundi, na waliodhaniwa kuwa ndiye walipigwa. Zimwi la ngoma halina mhanga anayeishi mtaa wa pili. Popobawa anaye. Kumpa huruma ni kuwaambia waliodhurika wahurumie nani?

Ila kuna jambo la kujifunza kwake: ilisemwa kwamba aliyetokewa asiposimulia, atatokewa tena. Hofu yake inajieneza yenyewe kwa mdomo. Hiyo ni sanaa, lakini iacheni huko huko.

#28 Mla Ndizi
Mimi ningechukua Nunda. Mnamkumbuka kwenye hadithi ya Sultani Majnuni, Steere aliichapa 1870. Alikuwa paka wa sultani tu. Akala kuku, watu wakashtaki, sultani akasema paka wangu na kuku wangu. Akala mbuzi, jibu hilo hilo. Ng'ombe, hilo hilo. Akaja kwenye watu, mwisho akala watoto wa sultani mwenyewe, ndipo ikasemwa huyu si paka, ni Nunda mla watu. Huyo huruma yake imo tayari. Alilelewa na neno "wangu".

#29 Bi Kirembo
Hoja nzuri sana, na ni hadithi ninayoipenda kuliko hii. Lakini angalia: huruma ya Nunda inamgeukia sultani kama hasira. Ukimaliza kusoma hufikirii paka, unafikiria mtawala. MwanaTanga anataka tumfikirie zimwi mwenyewe. Kazi mbili tofauti.

#30 Mla Ndizi
Sikubaliani, lakini sitaki kuuteka uzi. Nitafungua wangu.

#31 Mwamba Ngoma
Nirudi kwenye ngoma maana kuna jambo limenikereketa tangu jana. Mnasema zimwi lilimwambia binti "sisikii vizuri, sogea". Kila mtu anachukulia kuwa ni hila. Je, kama ni kweli?

Ukiweka kiganja juu ya ngozi iliyopandishwa vizuri na mtu akaimba ndani ya mzinga, unausikia wimbo mkononi. Huhitaji sikio. Sauti nene inatembea kwenye ngozi nzima, sauti nyembamba inawasha vipande vidogo vidogo tu. Mtu asiyesikia anaweza kuujua wimbo kwa kiganja, akajua unapanda wapi na unakata wapi. Asichopata ni maneno.

Kwa hiyo zimwi kiziwi lililomwona mtoto akifungua mdomo ufukweni lina njia moja tu ya kuupata wimbo ule: kumtia mwimbaji ndani ya kitu chenye ngozi.

#32 MwanaTanga
Subirini. Subirini kwanza.

#33 Bi Kirembo
Mwamba, wewe ndiye uandike kitabu.

Hiki ndicho linachokula likabakiza. Halili nyama wala maneno. Na kitisho hakipungui, kinaongezeka, kwa sababu zimwi la hila linaweza kushiba au kudanganywa, lakini zimwi linalosikia wimbo kwa njia hiyo tu *halitamwachia kamwe*. Kila tunapolielewa zaidi, mlango wa ngoma unazidi kukaza. Huo ndio mpango ulioukosa kwenye rasimu ya kwanza, MwanaTanga: huko kulielewa zimwi kulifungua mlango.

Na sasa *li-* inajua pa kugeukia. Iwe pale binti anapogundua. Yumo gizani, anaimba chini kabisa ili kumjaribu, na kiganja kinahama juu ya ngozi kikimfuata. *Alikuwa hanisikii. Alikuwa ananishika.* Hapo ndipo *a-* inaingia kwa mara ya kwanza.

#34 Kauthar M.
Samahani naingia nimechelewa. Nafundisha watoto viziwi. Mmeshawaza wao wakisoma hili watajiona wapi? Hadithi nyingine ambamo asiyesikia ndiye anayeteka watoto. Hilo si jambo dogo.

#35 Bi Kirembo
Sikuwaza, nakiri. Ungefanyaje?

#36 Kauthar M.
Kuna njia mbili na zote zina gharama. Ya kwanza, usitumie neno kiziwi popote na usimfanye kuwa hivyo tangu kuzaliwa. Aliyetoka kuzimu masikio yake yamejaa udongo, kama alivyosema Mzee kwenye #7 kwamba ni wa upande wa wafu. Wafu hawasikii walio hai. Hapo si ulemavu, ni mauti. Ya pili, weka kijijini mtu kiziwi wa kawaida, mvuvi au mke wa mtu, ambaye ndiye pekee anayetambua zimwi linafanya nini na kiganja chake, kwa sababu naye ngomani hucheza kwa mtetemo wa ardhi. Yeye atambue kabla ya mama. Mimi napenda ya pili, lakini itakula maneno 400 ya kitabu cha 3,000.

#37 Mzee Barazani
Mimi ya kwanza. Udongo masikioni, na usisemewe. Uchorwe tu kwenye picha.

#38 Mwamba Ngoma
Ya pili kwangu. Kwenye ngoma kubwa watu hao wapo na wanacheza kwa mapigo sahihi kuliko wengi wetu.

#39 Dogo wa Kitabuni
Na hao wanakijiji wanaotoa jogoo ili wasikie ngoma inayoimba? Hakuna anayeuliza nani yumo ndani. Mimi hao ndio wananitisha.

#40 Mzee Barazani
Umesema jambo. Kuna wanaodai hadithi yote hii ni kumbukumbu ya biashara ya watumwa pwani, mtoto anayechukuliwa njiani na mgeni anayepita vijiji.

#41 Shehe_Kamusi
Hilo sasa ndilo lisilo na mshiko. Wazulu na Waxhosa wana hadithi ile ile ya mla watu anayembeba msichana kwenye mfuko na kumtaka aimbe, na huko msafara wa pwani haukufika. Hadithi imetangulia.

#42 Mzee Barazani
Hadithi kutangulia hakuzuii msikilizaji wa Bagamoyo wa wakati ule kusikia yake ndani yake. Wewe mwenyewe #8 ulisema sikio lina haki.

#43 Shehe_Kamusi
Nimekamatwa kwa kamba yangu. Lakini bado si asili yake.

#44 MwanaTanga
Tukifika mwisho nakwama. Nyuki. Nikiwaacha, wazazi wanaua kiumbe tuliyemhurumia. Nikiwatoa, hadithi imekufa. Rafiki mmoja kashauri binti amwokoe zimwi, waishi pamoja.

#45 Bi Kirembo
Huyo rafiki asikuone tena na muswada. Nyuki wabaki. Ukiwatoa umewaambia watoto kwamba njaa ile haikuwa kweli.

#46 Mwamba Ngoma
Nyuki wanataka maelezo. Kundi la nyuki hulitii kwenye ngoma mchana, watakushona. Ni usiku, kwa moshi, wakiwa wametulia, unakung'uta tawi ndani kisha unafunika. Mzinga wa ngoma na mzinga wa nyuki ni gogo lile lile lililotobolewa, kwa hiyo watakaa. Nyoka mwondoe kabisa. Nyoka na nyuki ndani ya gogo moja, mmoja wao atakuwa amekufa kabla ya asubuhi, na hatakuwa nyuki.

Tatizo ni kwamba nyuki waliofungwa wananguruma. Mwenye masikio atajua kutoka hatua tano. Katika masimulizi ya zamani hakuna anayeeleza kwa nini zimwi halikujua.

#47 Kauthar M.
Halikusikia.

#48 Mwamba Ngoma
Naam. Na kuna zaidi. Nyuki wakinguruma ndani ya mzinga ngozi inatetemeka. Chini kabisa, bila kukata. Kiganjani kinafika kama mtu anayeimba polepole mno.

#49 MwanaTanga
Nimeandika saa hii hii, msinicheke:

*Kijiji cha pili watu walisema ngoma haiimbi. Walicheka, wakachukua jogoo wao wakaondoka. Yeye hakuondoka. Aliweka kiganja. Wimbo ulikuwepo, chini, mrefu, bila pumzi. Hakuwahi kunisikia nikiimba hivyo. Akaweka kiganja cha pili. Akaweka shavu. Halafu akaanza kulegeza kamba, asogee karibu.*

#50 Dogo wa Kitabuni
Mama yangu.

#51 Bi Kirembo
Usiguse kitu. Naam, moja tu: binti yuko kwao wakati huo, anajuaje? "Hakuwahi kunisikia" inamweka pale. Ama alisimuliwa na watu wa kijiji hicho, ama anabuni. Amua. Kama anabuni, basi ndiye anayechagua kumwita *a-* mpaka mwisho, na *li-* hairudi tena baada ya hapo. Inabidi iwe imerudi mapema, kwenye njaa ya safarini.

#52 Mhariri Mchovu
Na mimi naomba ukurasa wake uandikwe kwenye ile karatasi.

#53 Nairobi Kaskazini
Nasimama na neno langu kuhusu *li*, lakini shavu hilo limenishinda.

#54 Shehe_Kamusi
Swali: je, binti aliwaambia wazazi kuwa hasikii? Kama aliwaambia, basi nyuki ni wazo lake.

#55 MwanaTanga
Sikuwa nimefika hapo.

#56 Kauthar M.
Kama alinyamaza ni mtoto aliyeokolewa. Kama alisema ni mtu mwingine kabisa, na ndiye mwenye kutisha.

#57 Mzee Barazani
Kwenye simulizi moja, pale zimwi lilipofia panaota mboga ya maboga, na boga moja likitukanwa na watoto linawafukuza. Halikwisha. Ukifika hapo, MwanaTanga, boga liwe la *li-* kwa haki yake, hakuna mhariri atakayekugusa.

#58 Kipanga_Mtupu
Mimi nimesoma uzi wote na taa nimewasha.